Barua kwa Mzee Kombe wa Ngomeni

Kwa miaka sita Mwikali, mwenye hoteli ya wali na samaki karibu na soko la Malindi, hakuwa na neno na Mzee Kombe, aliyemletea samaki kutoka Ngomeni. Machi ya 1986 alimwandikia barua na kumpa dereva wa pikapu iliyobeba samaki hao ampelekee.

"Tarehe nne ulileta changu kilo kumi na tano, mashavu yamegeuka kahawia, tukawatupa wote. Tarehe kumi na tisa umeleta wengine. Ukibonyeza nyama hairudi, na mteja mmoja ametapika. Naomba uniletee wazuri badala yao. Kuanzia sasa nitawakagua mbele ya dereva. Jambo hili likitokea tena, nitatafuta mtu mwingine."

Wiki ikapita bila jibu. Akapanda pikapu ya yule dereva, akaenda mwenyewe.

Mchana ulikuwa mweupe na kimya. Nyumba zilizopakana na ghala la Kombe zilifungwa madirisha. Mwanamke mmoja alipita mbali, leso puani, bila kutazama upande ule. Kisha harufu ikamfikia Mwikali, akasimama ghafla.

Mzee alikuwa kwenye kizingiti cha ghala, anakunywa chai taratibu. Nzi wamemtanda mabegani. Barua ilikuwa pajani mwake, imelainika kwa kukunjwakunjwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeisoma mara nyingi, nikashindwa kujibu. Samaki wote nawanusa mwenyewe, pua yangu naiamini kuliko macho, na wote ni wazima."

Alifunua sanduku la barafu, akazamisha mkono hadi chini, akatoa changu. Ngozi ya samaki ilibanduka vidoleni mwake. Akampeleka puani, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu.

"Safi kabisa," alisema.

Mwikali alimtazama usoni. Mzee hakuwa anadanganya.

"Mzee, hapa tulipo kuna harufu gani?"

Kombe aligeuza uso kushoto, akanusa. Akageuza kulia. Alinusa muda mrefu sana.

"Hakuna kitu."

"Na hiyo chai?"

"Haina ladha. Tangu Februari, nilipoteleza kwenye boti nikagonga kisogo, kila kitu ni maji tu." Akatazama madirisha yaliyofungwa. "Ndiyo maana watu hawapiti tena hapa. Hakuna aliyeniambia."

Walimwaga sanduku pamoja. Chini kulikuwa na samaki wa wiki nyingi, na barafu mpya ilimiminwa juu yao kila mara. Waliwafukia nyuma ya ghala, wakasugua sanduku kwa sabuni na maji ya moto.

Jumatatu changu kilo thelathini walifika Malindi, macho yao maangavu. Kahonzi, binti wa mzee, alikuwa amerudi kutoka Sabaki kushika kazi ya kukagua. Daktari aliyempima mzee alisema huenda asinuse tena.

Mwikali aliendelea kununua kwao. Kila alipofika Ngomeni alimkuta Kombe kwenye kigoda kando ya bintiye, akimwuliza kuhusu samaki mmoja mmoja, kwa sauti ya chini:

"Na huyu je? Na huyu?"