Siku Jua Liliponyesha

Miaka ile ya soko huria kila kitu kilifika Masasi kikiwa kimeshatumiwa na wenzetu: mashati, baiskeli, mpaka kompyuta. Ya studio yetu ilitoka Dubai na vitufe vyake vilikuwa na herufi za Kiarabu. Mimi ndiye niliyekuwa bingwa wake, kwa sababu tajiri wangu alijua kuiwasha tu. Kazi yetu ilikuwa kuhariri kanda za harusi, na nilikuwa nimechoka kutazama watu wakilishana keki.

Ndipo akaingia mwalimu wa kwaya ya kwetu Lulindi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Nataka video ya maneno."

Video ya namna hiyo alikuwa ameiona huko Dar es Salaam: wimbo unapigwa, na maneno yanatokea kwenye televisheni ili kila mtu aimbe. Kwaya ya Newala ilikuwa imealikwa kwenye sikukuu ya mtakatifu somo wa kanisa letu, na alitaka waduwae. Alikuwa ametunga wimbo wa beti sita, kila ubeti ukitaja kitu kimoja cha Bwana: mvua, jua, upepo, umande, mwezi, mkorosho. Tatizo ni kwamba kila wiki alikuwa akibadilisha mpangilio wa beti.

"Siku yenyewe watasoma kwenye televisheni," alisema. "Kiongozi akikosea ubeti, namweka mwingine. Nimechoka na watu wa kubahatisha."

Kiongozi alikuwa mama yangu, na mama yangu hajui kusoma.

Mwalimu hakulijua hilo. Mama alishika kitabu cha nyimbo kama msomi kabisa, akigeuza kurasa wenzake wanapogeuza. Nikiwa shule ya msingi mimi ndiye niliyemsomea barua zake, na si zake peke yake. Nusu ya kina mama wa kwaya walinipitia wakitaka kusomewa na kuandikiwa. Nilifunga mdomo, maana hata mtoto anajua kutunza ajira yake. Ila kuongoza kwaya ndiyo ilikuwa furaha ya mama tangu baba afariki. Angemnyang'anya hilo mbele ya watu wa Newala, wallahi, nisingemsamehe mwalimu mpaka leo.

Nikaanza kazi kwa kinyongo. Mwalimu alileta kaseti ya kinanda na ngoma bila sauti za watu, nami nikamrekodi mama akiimba juu yake, ubeti mmoja mmoja. Kwenye kompyuta sauti inaonekana kama vilima. Nilicheza wimbo, na kila mama alipotamka neno nikagonga kitufe, ikabaki alama. Neno nililiweka kabla ya alama kidogo, picha tatu au nne hivi, na sekunde moja ina picha ishirini na tano. Jicho linataka kufika kabla ya ulimi. Ukiliweka sawasawa na sauti, msomaji anachelewa, na kwaya nzima inaburuzwa. Kazi ikiisha, sauti ya mama ingezimwa, libaki neno na ngoma.

Nikiwa katikati ya kugonga ndipo ushetani ukanijia. Kama maneno lazima yatembee, kwa nini kila moja lisitembee kivyake?

MVUA nikaifanya idondoke kutoka juu herufi moja moja, kila herufi ikitua na pigo la ngoma. JUA likachomoza taratibu kutoka chini ya kioo. UPEPO ukapita kwa kasi kutoka kushoto, umelala upande. UMANDE ukatokea kisha ukafifia, MWEZI ukavimba ukiwa katikati, na MKOROSHO ukajitikisa kila ngoma ilipolia. Mama akaja Masasi kwa kisingizio cha kununua khanga, akakaa nyuma yangu mchana kutwa.

"Kinachodondoka?"

"Mvua."

"Kinachotoka chini?"

"Jua. We mtoto, kumbe kusoma ni kitu rahisi hivi!"

Mwalimu alipokuja kukagua, alikunja uso. "Neno la Mungu linacheza disko?"

"Kompyuta za Dubai ndivyo zilivyo, Mwalimu. Ukilizuia neno, linagoma kabisa."

Akaiangalia mashine kwa heshima, akakubali. Lakini siku mbili kabla ya sikukuu akarudi na karatasi: amepanga beti upya, na ubeti wa jua, ambao sasa ni wa nne, ameuandika upya kabisa na kuwafundisha kwaya. Umeme ulikuwa wa mgawo na kompyuta ilihitaji siku nzima kuzikusanya picha zote ziwe video. Mizani yake mipya ililingana na ya mvua, basi kwa haraka nikanakili ubeti wa mvua, nikafuta maneno, nikaandika ya jua, nikaacha mashine ifanye kazi. Sikupata nafasi ya kuitazama.

Siku ya sikukuu televisheni ikawekwa kwenye ukumbi wa kanisa, jenereta ikiunguruma nje. Watu wa Newala walijaa mabenchi ya mbele. Mama akasimama mbele ya kwaya, khanga mpya, macho kwenye kioo. Upepo ukapita, akaita upepo. Mvua ikadondoka, akaita mvua. Mwezi ukavimba, akauita. Mwalimu alipunga mikono kwa raha, na mimi nikaanza kujisifu kimoyomoyo.

Ubeti wa nne ukaingia. Kwenye kioo, kwa herufi kubwa nyeupe, likaandikwa JUA. Na likadondoka kutoka juu, herufi moja moja.

Nilikuwa nimebadilisha maneno nikasahau mwendo.

Mama akavuta pumzi. "Mvua yake Bwana!" Na kina mama wote ishirini, macho kwenye kioo, wakaitikia kwa nguvu, "Mvua!" Wageni wa Newala waliimba jua. Mwalimu naye aliimba jua, peke yake katika kwaya yake. Aligeuka akawatazama kina mama, mmoja mmoja, mpaka akafika kwa mke wake aliyekuwa mstari wa pili. Huyo ndiye aliyekuwa akiimba mvua kuliko wote.

Kumbe mama alikuwa amerudi Lulindi na kuwafundisha wenzake waliohitaji, kwa ishara za mikono, jikoni kwetu; waliojua kusoma walimfuata kiongozi wao tu.

Jumatatu mwalimu akaja studio. Nilikuwa nimeshajiandaa kulia na kugombana, vyote viwili. Akakaa.

"Tuna wimbo mwingine," alisema. "Mama yako ataongoza. Na maneno yacheze hivyo hivyo."

Nikachukua karatasi kuandika jina la wimbo. Akautazama mkono wangu, kisha herufi, kwa muda mrefu.

"Nilipokuwa masomoni chuo cha ualimu," akasema polepole, "mama watoto alikuwa ananiandikia. Mwandiko mzuri, wenye g ya mkia mrefu."

Nikaiweka kalamu chini.

"Ulikuwa unaongeza na ya kwako?"

"Kidogo, Mwalimu."

"Kila barua iliishia kwa kuomba biskuti. Nilinunua biskuti miaka miwili. Kumbe mke wangu mwenyewe hali biskuti."

"Nisamehe, Mwalimu. Zilikuwa tamu sana."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akainama, akaikunja karatasi yake, akaikunjua tena.

"Na ile iliyosema kwamba tangu niondoke hata mikorosho imenuna? Ile niliibeba mfukoni mpaka ikachanika. Hiyo nayo ni yako?"

"Hapana," nikamwambia. "Hiyo alinitajia neno kwa neno, akaniambia nisiongeze kitu."