Ukuta wa Bi Mboni

Ukipita Kisima Kimoja, mtaa ulio nyuma ya Usagara hapo Tanga, katika miaka ile ya baada ya vita, utaiona nyumba ya Bi Mboni na wala hutaitazama mara mbili. Udongo, makuti, baraza ya kawaida, kuku wawili watatu. Nawe utapita zako. Mwenyewe ndivyo alivyotaka upite.

Watu wengine huanza nyumba kwa msingi. Bi Mboni alianza kwa mlango. Alipoachwa na mumewe huko Kigombe, aliondoka na binti yake Sabiha, sufuria mbili, na mlango wa mninga uliokuwa wa marehemu baba yake. Mkokoteni ulioleta mlango huo Tanga ulipinda gurudumu njiani, na Bi Mboni akamtukana mwenye mkokoteni mpaka wakaelewana. Mwaka ule wa 1946 akapewa kipande cha shamba na Mzee Haji, mwenye minazi, kwa kodi ya mwaka kwa mwaka. Ofisi ya mji nayo ikampa karatasi: ruhusa ya kibanda cha miti na udongo, basi. Karatasi akaitia katika kasha lake.

Chumba cha kwanza alikijenga nyuma kabisa, karibu na choo. Majirani wakacheka. "Bi Mboni, umeupa mji mgongo?" Alijua siku nyumba ya mbele itakaposimama, chumba kile kitakuwa jiko, na hatakuwa na cha kuvunja. Fundi wake alikuwa Uweso, mtoto wa mama yake mdogo, mwanamume wa maneno machache na mikono mikubwa. Nguzo zilichimbiwa, fito zikafungwa kwa kamba za mkonge, mawe madogo yakajazwa kati, udongo ukakandikwa. Mlango wa mninga ukakaa pale, mzito kuliko chumba chenyewe.

Baadaye vikaja vyumba viwili vya mbele, na ukumbi katikati, na mlango wa mninga ukahamia mbele. Kisha viwili tena. Kila chumba kilikuwa na mlango wake wa ukumbini, ili mpangaji asipite katika chumba cha mwenzake. Waliokaa humo walikuwa watu wa mashamba ya mkonge walioshuka mjini, akina Fanueli na mkewe Benedikta, watu wa kanisani, wapole, na Bi Mboni akiwapelekea vitumbua Krismasi bila ya kuulizwa. Nyumba ilikua kwa kila alichopata. Akipata boriti, hulaza boriti. Akipata debe tupu, hulipasua na kulinyoosha. Haba na haba, jamani. Hakuna siku hata moja mtaa ule uliposema, "Leo Bi Mboni anajenga," wala siku uliposema amemaliza.

Kisha wakaja mchwa.

Uweso alichoma kisu katika nguzo ya kona, kikaingia mpaka mpini. "Dada, hizi zimekwisha. Nikupe nguzo mpya?"

"Zikae miaka mingapi?"

"Sita. Saba ukimwomba Mungu."

Bi Mboni akatazama kule upande wa Kigombe, ingawa Kigombe haionekani kutoka pale. Sabiha alikuwa ameolewa kwao kule, na mumewe alikuwa ameanza kumwinulia mkono. Mama mtu alikuwa amemwambia binti yake neno moja tu: "Siku utakapochoka, njoo. Chumba chako kipo." Chumba chenyewe kilikuwa bado hakijajengwa, lakini mama haongopi, huharakisha tu. "Nyumba ya udongo ni ya miaka, Uweso," akasema. "Mimi nataka ya kurithiwa. Tia mawe."

"Karatasi yasema miti na udongo."

"Karatasi ipo kashani. Tia mawe."

Basi wakafanya kazi ile ambayo wajenzi wa Kisima Kimoja wanaijua na hawaisemi. Mawe ya matumbawe yaliletwa kidogo kidogo, yakarundikwa uani chini ya majani ya mgomba. Mpangaji akihama, kabla mwingine hajaingia, Uweso huingia. Hutegemeza mti wa juu ya ukuta kwa gogo, hutoa nguzo mbovu, huchimba, hujenga kwa mawe na chokaa ile nafasi moja tu baina ya nguzo na nguzo, huibana mpaka juu, kisha huliondoa gogo. Mwisho hukandika udongo kwa nje. Ukisimama barabarani, ukuta ni uleule wa juzi. Nafasi moja, kisha nyingine, miaka mitano. Na ukuta wa upande wa mashariki, usioonekana barabarani, Uweso aliuachia mawe yametokeza, moja ndani moja nje, ili ukuta wa chumba kijacho uje kushikana nao. Chumba hicho ndicho cha Sabiha.

Mwaka wa 1957 akaja Mzungu mmoja, mchoraji wa majumba, ametumwa kutengeneza nyumba za bei nafuu kwa watu weusi. Alikuwa kijana, shingo imeungua jua, na futi ya kamba haikumtoka mkononi. Mtaa ukamwita Bwana Futi. Alifuatana na karani wake mchoraji, Luka, Mbondei wa Muheza.

"Shikamoo, mama," Luka alisema barazani.

"Marahaba, mwanangu. Huyu naye anapima nini? Kaburi langu?"

Luka akacheka, akamfasiria, naye Bwana Futi akacheka kwa kuchelewa. Alikuwa amezunguka mtaa mzima, akaona mawe yale yaliyotokeza ukutani, akataka kujua ni ya kazi gani. Wengine wote walimwambia hawajui. Hodari wa kutojua, watu wa Kisima Kimoja, wakimwona mtu na kalamu.

Bi Mboni naye angesema hajui. Lakini Bwana Futi alikuja siku ya pili, na ya tatu. Alikaa chini kwenye mkeka. Alikula vitumbua, akalamba vidole. Siku ya nne akasema kwa kinywa cha Luka kwamba chuoni kwao wanafundishwa kuanza na nyumba iliyokwisha, na hakuna aliyewafundisha nyumba inayokua. Kwamba anataka kuchora nyumba ambayo mwenyewe ataiongeza, ukuta uachwe tayari kama huu wake, milango iwe ukumbini kama hii yake. "Anasema wewe ndiye mwalimu wake, mama."

Nani hapendi kuitwa mwalimu? Miaka mitano mwanamke huyu ameficha ustadi wake chini ya udongo, hana hata mmoja wa kumsifu. Tena mtu aliyekula kwako si mkaguzi; kwao Kigombe hilo hata mtoto analijua. Uweso alimkonyeza. Hakuona, au alijifanya haoni. Akachukua kisu cha jikoni, akabandua udongo ukutani upana wa kiganja.

"Tazama, bwana," akasema. "Mawe. Nyumba nzima."

Bwana Futi akaweka mkono juu ya jiwe. Kisha akachora siku mbili mfululizo. Udongo akautia wino wa kahawia, mawe akayatia wino mwekundu. Bi Mboni akamweleza kila kitu, hata kile chumba ambacho hakijajengwa: mlango wake hapa, dirisha lake pale, binti yangu apate upepo.

Mchoro ulikuwa mzuri. Kwa uzuri wake Bwana Futi akautundika ukutani ofisini, wakubwa wauone wajifunze. Wa kwanza kuuona alikuwa bwana mmoja wa chumba cha pili, mwenye kazi ya kukagua vibanda. Yeye hakuona ustadi. Aliona wino mwekundu mahali ambapo karatasi inasema udongo.

Barua ililetwa na Luka mwenyewe. Aliisoma amesimama, hakutaka kuketi. Mawe yote yaondolewe kwa siku thelathini. Viwanja vile ni vya muda, huenda barabara ikapita. Mwenye nyumba ya mawe hahamishiki kirahisi, na mtu mmoja akiachiwa, mtaa mzima utafuata.

"Bwana wako yuko wapi?"

"Ameandika barua tatu, mama. Wamemjibu kazi yake ni kuchora."

Kesho yake Bwana Futi akaja, macho mekundu. Akasema maneno mengi ya haraka. Luka alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafasiri mafupi: "Anasema amekosa."

"Mwulize kukosa kwake kunashika paa?"

Luka hakufasiri. Bi Mboni akalia pale pale barazani mbele yao, bila kujifunika uso, na aliona haya kulia lakini machozi hayakumngoja aone haya. Ulimi wake. Ulimi wake mwenyewe, na kisu chake mwenyewe.

"Tutarudisha nguzo," Uweso alisema walipoondoka. "Nafasi moja moja, kama tulivyotia mawe."

Wakajaribu. Lakini kilichoingia kwa miaka mitano hakitoki kwa siku thelathini, na ilikuwa masika. Nguzo za mikoko zilikuwa adimu. Udongo ulikandikwa asubuhi, adhuhuri uko miguuni. Nafasi ya tatu walipoitoa mawe, paa likalia, likainama shubiri nzima, na Benedikta akatoka mbio na sufuria ya ugali mkononi.

"Basi," Uweso akasema. "Nguzo tulikwisha kuziondoa, dada. Mawe ndiyo nyumba. Nikiyatoa, hakuna kitu."

Angengoja vibarua wa mji waje? Wangevunja vunja milango, wangepinda madebe. Bandu bandu huisha gogo, na aliyelijua gogo lile ni yeye. Wapangaji wakahama wakiomba radhi, kana kwamba kosa ni lao. Uweso akaanza juu, kinyume cha alivyojenga: makuti na madebe, boriti, milango, kisha ukuta mmoja mmoja. Bi Mboni alipokea kila kitu kwa mkono wake na kukipanga. Mawe yalichukuliwa na gari la mji. Siku ya ishirini na tisa kilibaki kile chumba cha kwanza cha udongo, ambacho hakikutiwa mawe, nyuma kabisa, karibu na choo, ndicho kilichoruhusiwa na karatasi. Mlango wa mninga aliurudisha pale.

Bwana Futi alihamishwa. Kabla hajaondoka alimpa Luka nakala ya mchoro amletee. Bi Mboni hakuupasua, ingawa alikusudia. Aliutia kashani pamoja na ile karatasi nyingine.

Mwezi haukwisha, Sabiha akafika. Alikuja peke yake, na bunda la nguo, na jicho moja limevimba. Alisimama kwenye uwanja mtupu, akatazama huku na huku, akadhani amepotea mtaa. Mama yake akamwita kutoka nyuma. Wakakumbatiana, wakalia, wakanyamaza, wakalia tena.

"Nimechoka, mama," Sabiha akasema. "Ulisema chumba changu kipo. Ni kipi?"

Bi Mboni akafungua kasha. Akakunjua ile karatasi kubwa sakafuni, akapita kwa kidole juu ya wino mwekundu, ukumbini, mlango kwa mlango, mpaka ukuta wa mashariki. Pale Bwana Futi alikuwa amechora chumba cha pembe nne kwa vitone vitone, na mlango wake, na dirisha lake.

"Hiki hapa," akasema. "Kinapata upepo."