Mteja Asiyesalimia

Kabla sijamfungulia shangazi yangu duka la kwenye simu, mteja aliyetaka kikapu chake alipaswa kuwa na subira ya mkulima wa kahawa. Mtu aliona picha, akaandika chini yake neno moja, "Bei?" Shangazi hakujibu bei. Alimtumia ujumbe wa sauti wa dakika nne: alimsalimia, akamuuliza hali ya nyumbani, akamuuliza ni mtoto wa nani na kama kwao mvua zimeanza, kisha akamaliza kwa kusema tutaongea. Wengi hawakurudi. Nilikuwa nikizisikiliza zile sauti nikiwa kwenye kibanda changu cha kuchapa barua na kupiga picha za pasipoti pale Nyaishozi, Karagwe, na nilikuwa nakasirika hadi natoa nakala mbili za kitu kilichoombwa kimoja.

Shangazi, dada wa baba yangu, ndiye mwenyekiti wa kikundi cha akina mama tisa wanaosuka vile vikapu vidogo vyenye mfuniko ambavyo kwetu huwekwa akamwani, kahawa ya kutafuna anayopewa mgeni kabla hajasema lililomleta. Miaka yote waliviuza kwa mchuuzi mmoja aliyekuja na gari, akavibeba kwa bei aliyoamua yeye, na akiondoka aliacha vumbi na hasira. Mimi ndiye niliyewaambia wamkatalie. Nilisimama mbele yao na simu mkononi, mdomo ukiwa mbele ya akili kama kawaida yangu, nikasema ile app ya picha ambayo wote wanaitazama sasa ina duka ndani yake. Mtu anaona kikapu, anakigusa, analipa hapo hapo, na hakuna cha kwenda inboksi wala "tutaongea". Wakamkatalia mchuuzi. Alicheka, akasema mtaniita.

Basi ikabidi duka lifunguke.

Nilituma kitambulisho cha shangazi, nikasajili namba yake ya kupokelea pesa kwa simu, nikapiga picha ya kila kikapu juu ya shuka jeupe. Kila bidhaa ilitakiwa iwe na jina, bei, maelezo, uzito wa kusafirishia na idadi iliyopo. Kwa kuwa hakuna vikapu viwili vinavyofanana, kila kimoja nilikiandikia idadi moja. Shangazi alikuwa nyuma ya bega langu.

"Maelezo ndiyo nini?"

"Ni maneno ya kumweleza mteja, shangazi."

"Anza na salamu."

"Hapa hawasalimiani. Hapa wanataja urefu na upana."

Alinitazama kama niliyeingia nyumba ya watu na kufungua masufuria. Nikaandika urefu na upana.

Siku iliyofuata wenye app wakapitisha duka, lakini kwa majaribio. Oda ikiingia, tulikuwa na siku tatu za kuifikisha au kuikabidhi kwa msafirishaji. Zikipita, oda inajifuta yenyewe, mnunuzi anarudishiwa pesa, na duka jipya kama letu linafungwa. Nililisoma hilo kwa sauti mbele ya kikundi, wote wakaitikia. Shangazi naye aliitikia, ninao mashahidi.

Zikabaki alama. Unaweka picha ya kawaida ya maisha, unagusa mahali kilipo kikapu, unachagua bidhaa kutoka kwenye orodha yako, na hapo panakaa kidoti. Anayetazama akikigusa anaona jina na bei, na chini yake kitufe cha kununua. Nilichagua picha nzuri kuliko zote: shangazi anatoka shambani kati ya migomba, kikapu kichwani, anacheka na mtu aliye nje ya picha. Bidhaa niliipa jina "Halisi ya Karagwe, kazi ya mkono", shilingi elfu arobaini na tano. Kibandani kulikuwa na watu wanne wakidai nakala za vyeti. Nikagusa picha kwa dole gumba, nikachagua, nikapandisha, nikageukia vyeti. Sikurudi kuangalia.

Kabla ya saa sita mchana simu ikalia. Oda ya kwanza, imelipwa! Niliacha kibanda wazi nikakimbia kwa shangazi, na majirani wakadhani kuna msiba.

"Mnunuzi ni nani?" akauliza.

Nikamsomea jina: mwanamume tusiyemjua, wa Nyakakika.

"Amesemaje?"

"Hajasema kitu. Amenunua."

"Hakusalimia?"

"Shangazi, amelipa. Pesa ziko kwa wenye app, zinatungoja tumfikishie."

Alikichukua kile kikapu mezani, akakiweka kwenye kabati la vyombo, akafunga. Akasema mtu anayechukua kitu cha watu bila kusalimia ni mwizi, hata akiwa amelipa. Angekuwa mtu wa Dar es Salaam angemsamehe, kule hawana nafasi. Lakini wa Nyakakika, hapa hapa, aliyezaliwa akatafunishwa kahawa kama sisi, anakujaje kwenye duka la mtu mzima anyooshe kidole tu?

Nilimbembeleza, nikamkumbusha mchuuzi. Wale akina mama wanane walikuja na kuketi kwenye mkeka, wakamsihi kwa Kinyambo, lugha ambayo akikataa ndani yake amekataa kweli. Akasema kikapu kipo, hajakataa kukitoa. Mteja asalimie, apewe.

Kwa hiyo nilimwandikia mtu nisiyemjua ujumbe wa aibu kuliko yote niliyowahi kuandika: "Habari. Tunashukuru kwa oda yako. Muuzaji anaomba umsalimie." Haukujibiwa. Siku ya pili nikaandika tena, nikamwekea na mfano wa salamu. Kimya. Mama mmoja wa kikundi alianza kuuliza, polepole, kama kuna mtu bado ana namba ya mchuuzi. Usiku huo sikula, na nilimchukia shangazi kwa dhati, jambo ambalo hata leo naona haya kulisema.

Asubuhi ya siku ya tatu nilimkuta amevaa kitenge cha kanisani, kikapu mapajani.

"Ulisema mtu anaweza kumpelekea mteja mwenyewe."

"Ndiyo. Akishapokea anatupa namba ya siri aliyotumiwa, naiingiza kwenye simu, wanaachia pesa."

"Tunakwenda. Nitamsalimia mimi, tuone kama ana mdomo."

Tulipanda pikipiki mbili. Njia nzima nilikuwa naangalia saa. Nilijua mume wa shangazi yuko upande huo huo wa Nyakakika na ng'ombe wake, maana huwa anakaa mbugani huko wiki kadhaa, lakini hilo halikunishughulisha. Mzee huyo hakuwahi kuwa na habari na vikapu. Kwa miaka thelathini shangazi alisuka mbele yake, naye aliita kazi ile nyasi. "Umemaliza nyasi zako tule?" Shangazi alicheka kila mara, ila mimi niliyekulia pale nilijua kile si kicheko cha kufurahi.

Mnunuzi wetu kumbe ni mwenye duka la dawa za mifugo. Tulipoingia alisimama, akafuta mikono, akatazama pembeni. Pale pembeni, juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe, fimbo kati ya magoti, aliketi mume wa shangazi.

Shangazi alisimama mlangoni.

"Wewe unatafuta nini hapa?"

"Nangoja mzigo wangu," alisema mzee.

"Mzigo gani?"

Mzee alimwelekezea mwenye duka kwa kidevu. "Mwonyeshe."

Mwenye duka akatoa simu yake, akafungua picha yetu, akaigusa. Ndipo nilipoona kazi ya dole gumba langu. Kidoti hakikuwa kwenye kikapu. Kilikuwa katikati ya paji la uso la shangazi, na ukikigusa yanatokea maneno: Halisi ya Karagwe, kazi ya mkono, shilingi 45,000. Na kwa kuwa niliandika idadi moja na hiyo moja imeshanunuliwa, chini yake kulikuwa na neno jipya: Imekwisha.

"Nilikuja kutafuta dawa ya kupe," mzee alisema, "vijana wakaniambia mke wako yuko kwenye simu, anauzwa, amebaki mmoja. Nikatazama. Ni kweli. Mimi sina hiyo app. Nikamwambia huyu, nunua haraka kabla hajachukuliwa na mtu."

"Nilimweleza mzee kwamba ni kikapu," alisema mwenye duka. "Akasema nisibishane na mtu mzima. Na ujumbe wenu nimeuona, lakini mimi nimsalimie mke wa mtu kwa niaba ya nani?"

Nilitaka gunia la chumvi lifunguke niingie. Shangazi hakunitazama hata kidogo.

"Elfu arobaini na tano?" alimuuliza mumewe. "Ukaona bei hiyo inatosha?"

"Haitoshi!" Mzee aligonga fimbo sakafuni. "Ng'ombe niliowapeleka kwenu walijaza zizi. Nilimwambia huyu aandike kwamba bei ni ndogo, nataka kuongeza. Akasema hakuna pa kuongea. Kuna kitufe tu. Duka gani hilo lisilo na pa kuongea?"

"Hilo ndilo nililosema mimi," shangazi alijibu, na hapo wote wawili wakanigeukia mimi.

Niliomba radhi. Kisha, kwa sauti ndogo, nikakumbusha kwamba muda unakwisha na bado hatujapewa namba ya siri.

"Hajasalimia," alisema shangazi.

Mzee alisimama. Akavua kofia, akamsalimia mkewe kwa Kinyambo, salamu ndefu ya mtu aliyetoka mbali, pamoja na kuuliza nyumbani, mifugo na migomba. Shangazi aliitikia mpaka mwisho, ndipo akampa kikapu kwa mikono miwili. Mzee akafunua mfuniko. Ndani mlikuwa na akamwani, kwa sababu shangazi hajawahi kumkabidhi mtu kikapu kitupu, hata mtu aliyemwita mwizi. Akatafuna mbegu moja. Akakigeuza kikapu, akakitazama chini, akapitisha kidole kwenye mishono, taratibu, kama anavyokagua ndama.

"Hii ndiyo nyasi uliyokuwa unasuka?"

"Ndiyo hiyo."

Akarudisha mfuniko. Mwenye duka akanisomea namba, nikaiingiza, simu ikatoa mlio, na duka letu likapona. Nililia kidogo, nikasingizia harufu ya dawa.

"Mzee, wanauliza unatoa nyota ngapi," alisema mwenye duka.

"Mwisho ni ngapi?"

"Tano."

"Ni chache."

"Ndiyo mwisho wao, mzee."

"Basi weka hizo. Na pa kuandika maneno je, papo?"

"Papo."

Mzee akafikiri, mikono juu ya mfuniko. "Andika hivi: nimekaa naye miaka thelathini na sijaona mfano wake. Sikuwahi kusema kwa kuwa hakuna aliyeniuliza."

Shangazi alitoka nje akasimama kwenye jua, mgongo kwetu, akijifanya anatafuta waendesha pikipiki ambao walikuwa wamesimama mbele yake.

Siku hizi maelezo ya kila kikapu yanaanza na salamu, na urefu na upana vinafuata. Maoni ya mzee bado ni ya kwanza kwenye duka, na kuna wateja wanaoandika kuuliza yanahusu kikapu kipi. Kile kidoti nilitaka kukihamisha jioni ile ile, ni kazi ya kugusa mara mbili tu. Shangazi alinishika mkono.

"Kiache," alisema. "Wasome kwamba imekwisha."