Mita Kumi na Tano Kutoka Barabarani

Mwalimu alikuja ofisini kwetu Meru mjini akiwa amevaa sweta mbili, na nje kulikuwa na jua kali. Sikufikiria ugonjwa. Nilifikiria tu kwamba watu wa kwao Ruiri wamezoea kujikinga na upepo.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuchora plani za nyumba. Yeye alifundisha hesabu, na alitaka nyumba ya vyumba vitatu kwenye shamba lake la nusu eka, mita arobaini kwa hamsini. Nilimchorea seti nzima kwa karatasi ya A1, ile kubwa ambayo ofisi ya kaunti huitaka. Nyumba yenyewe ilikuwa kwa skeli ya moja kwa hamsini, na shamba lote kwa moja kwa mia mbili, yaani sentimita moja kwenye karatasi ni mita mbili ardhini.

Siku ya kuchukua plani aliomba pia nakala ndogo ya kukunja na kuweka kwenye mkoba, amwonyeshe mkewe.

"Naweza kukupa A2 ama A3," nikamwambia.

"Tofauti ni nini?"

"A3 ni robo ya A1, kwa hivyo kila mstari unakuwa nusu. Moja kwa mia mbili inageuka moja kwa mia nne. Bado unaweza kuipima kwa rula. A2 itakupa moja kwa mia mbili themanini na kitu, na hakuna rula ya skeli hiyo."

Alicheka mpaka akaanza kukohoa. "Mzizi wa mraba wa mbili," akasema. "Nimefundisha hiyo kitu miaka yote na sijawahi kuona mtu akiitumia. Nipe A3."

Kwenye kona ya mchoro wa shamba, hata kwenye nakala hiyo ndogo, palikuwa na maandishi ya kawaida: skeli 1:200 kwa A1. Alitoa kwenye mkoba rula yake ya skeli, ile ya pembe tatu yenye vipimo sita, akaigeuza upande wa moja kwa mia nne, akapima shamba lake pale mezani kwangu. Hamsini kamili. Akaridhika, akakunja karatasi. Sikumwona tena.

Alifariki kabla mawe ya msingi hayajaletwa. Habari niliipata kwa fundi wake, na kwa sababu kazi ilikuwa imenibana Embu wiki hiyo, sikufika mazishini. Baadaye mjane alinipigia simu. Alikuwa ameamua kujenga. Nyumba ile ndiyo walikuwa wakiizungumzia jioni zote za ugonjwa, akasema, na hangeweza kuiacha kwa karatasi. Akaniomba niende kusimamia upigaji wa vigingi.

Tulifika Ruiri asubuhi ya baridi, mlima umefunikwa wote na mawingu. Kaburi nililiona nikiwa bado barabarani, na lilionekana karibu mno. Nikajiambia macho yananidanganya, kwamba kwenye shamba tupu umbali haukadiriki kwa macho. Fundi akashika tepu kwenye ua wa barabara, mimi nikaivuta hadi mita kumi na mbili, pale ukuta wa mbele ulipotakiwa kusimama. Kaburi lilikuwa mbele yangu, hatua chache tu. Nyumba ilitakiwa kufika mita ishirini na tatu. Tulipovuta kamba pembe nne, kaburi lilikuwa ndani ya sebule.

Fundi aliacha kamba ikaanguka. Mjane aliketi kwenye rundo la mchanga, akavuta leso hadi mabegani.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, mwenye duka pale Kiirua, ndiye aliyekuja mbio akitoka upande wa lango.

"Injinia, mmekosea wapi?" akaniuliza. "Mimi nilipima. Nilipima kwa plani yenu."

"Ulipimaje, mzee?"

Akatoa kwenye koti ile A3, imechakaa kwenye mikunjo, pamoja na rula ya kaka yake. Akanieleza bila haraka, kama mtu aliye na hakika. Wazee walitaka marehemu alale nyuma ya nyumba, si mbele. Mvua ilikuwa inatishia na vijana wa kuchimba walikuwa wanangoja. Kwa hivyo akachagua mahali nyuma ya nyumba kwenye mchoro, akasoma skeli imeandikwa moja kwa mia mbili, akageuza rula upande wa mia mbili, akapima kutoka barabarani. Kumi na tano. Akavuta tepu mita kumi na tano.

"Pima tena," nikamwambia. "Nionyeshe pale ulipochagua."

Akaweka rula juu ya boneti ya gari. Kidole chake kilisimama mahali palepale, kumi na tano. Ndipo nikamwonyesha maneno madogo yaliyofuata skeli: kwa A1.

"Hii si A1," nikasema, nikijaribu kufanya sauti iwe ya upole. "Hii ni karatasi ndogo. Mchoro umepungua nusu. Geuza upande wa mia nne."

Aligeuza. Akailaza rula tena juu ya mchoro. Akasoma, akasoma tena.

"Thelathini," akasema.

Namba ya mita kumi na mbili, umbali wa nyumba kutoka barabarani, ilikuwa imeandikwa pale pale kwenye mchoro. Ila kwa A3 ilikuwa imepungua ikawa kama mbegu za wimbi, na yeye alikuwa mtu wa miwani.

"Yeye angejua," akasema. "Kaka yangu angejua mara moja."

Ilikuwa kweli.

Mchungaji aliitwa, na wazee wawili wa ukoo. Mmoja akataja kuhamisha kaburi, na kwamba kungehitajika ruhusa ya mahakama. Mjane akasimama kwa mara ya kwanza.

"Hakuna mtu atamchimbua," akasema. "Mmesikia? Hakuna." Kisha akanigeukia. "Injinia, sogeza nyumba."

Niliisogeza. Nilirudi ofisini nikachora shamba upya, nyumba ikianzia mita ishirini na sita, tangi la maji machafu likisukumwa karibu na ua wa nyuma. Kule nyuma ardhi inapanda, msingi ukahitaji mawe mengi zaidi upande mmoja. Na mlima, ambao mwalimu alitaka kuuona kutoka sebuleni, ulifichwa na mikima ya jirani, ile miti mirefu ya mbao. Kwenye kila karatasi niliandika skeli mbili, ya A1 na ya A3, na nikachora mstari wa kuonyesha urefu wa mita kumi, unaopungua pamoja na mchoro. Fundi alisema hiyo ni kazi bure, yeye husoma namba tu. Sikubishana naye.

Siku nilipopeleka nakala mpya, yule shemeji alinifuata hadi kwenye gari akaninyooshea rula.

"Chukua. Kwangu isikae."

"Mpe mke wake."

"Nilimpa. Amekataa."

Nikaichukua.

Nyumba ilikamilika baada ya misimu kadhaa ya mahindi. Tulialikwa kwenye maombi ya kuifungua. Ili kufika mlangoni unapita kaburi, hakuna njia nyingine, na wageni walikuwa wananyamaza wakilifikia, halafu wanaanza kuongea tena wakishalipita. Shemeji hakulipita. Alibaki langoni na kofia mkononi wakati wote wa nyimbo na mahubiri. Watu walimwita, akawa anasema yuko sawa pale.

Chakula kilipogawiwa, nilimwona mjane akitoka na sahani mbili za mukimo wa viazi na nyama. Aliteremka polepole hadi langoni, akampa shemeji yake moja. Walikula wamesimama, wamegeukia barabara, kaburi likiwa nyuma yao.