Suti ya Matanga Kwenye Gereji

Suti ya anko ilikuwa inanuka vidonge vya nondo na jasho la matanga. Huwa anaivaa akienda kuzika watu tu, na kwapani mwa mkono wa kushoto kuna alama nyeupe ya chumvi ambayo hakuna sabuni imewahi kuitoa. Niliivaa hivyo hivyo Alhamisi asubuhi, nikajiangalia kwenye kioo cha sebule yetu hapo mtaa wa Section 58, nikaona kinyaa. Si cha suti peke yake. Nilijionea kinyaa mimi mwenyewe, kwa sababu ya mambo ya Jumatatu.

Nasomea umekanika kwenye chuo cha ufundi. Kila mwanafunzi lazima afanye atachimenti, yaani miezi mitatu ya kujifunza kazini, kwa mtu atakayekubali barua ya chuo na kuipiga muhuri. Barua yangu ilitakiwa irudi ofisini Ijumaa kabla ya saa sita. Bila muhuri ningerudia mwaka, nikae darasa moja na wale walio nyuma yetu, ambao nimekuwa nikiwaita watoto wa nepi tangu siku waliyoingia. Hebu fikiria furaha yao.

Jumatatu nilikuwa na intavyu kwenye kampuni moja ya kutengeneza malori, yenye mlango wa kioo na zulia. Saa tatu kamili, barua ilisema. Nilifika saa tatu na dakika kumi, nimevaa jinzi iliyopasuka magotini. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: naenda kushika spana, siendi kuoa.

Askari wa langoni alichukua kitambulisho changu, akaandika kwa kitabu, akaniangalia magoti.

"Boss, wenzako wamekuwa hapa tangu saa mbili na nusu."

"Hao wametoka mbali," nikamjibu. "Waliogopa kupotea."

Ndani kulikuwa na watu watatu nyuma ya meza ndefu. Sikubisha. Niliwasalimu, "Sasa!" kama ninavyowasalimu vijana wenzangu, kwa sauti ya kufurahisha, nikamnyooshea mkono mama aliyekaa katikati, mwenye miwani, umri wa nyanya yangu. Mama akautazama ule mkono mpaka ukachoka, nikaurudisha. Nikakaa.

"Nani amekuambia uketi?"

"Kiti kilikuwa tupu, mathe."

Mzee mmoja akakohoa ndani ya ngumi yake. Nilijua anacheka, na mimi nikianza kuchekesha mtu sijui kusimama. Simu yangu nayo ikalia, na mlio wake ni wa mbuzi. Hawakuniuliza hata swali moja la injini. "Tutakupigia," mama akasema, na ile heshima aliyoisema nayo ndiyo iliyonichoma. Angenitukana ingekuwa afadhali.

Anko aliposikia alinishusha hadhi mpaka sakafuni. "Wewe ni takataka iliyosomeshwa! Intavyu unafika nusu saa mapema. Unabisha. Unasimama mpaka uambiwe keti. Mkono unangoja upewe. Simu unazima. Na unavaa kama mtu aliye na wazazi!"

Nikaweka yote kichwani. Halafu, kwa akili zangu nyingi, nikayabeba yote mpaka kwenye gereji ya jua kali.

Gereji yenyewe ni mabati na nguzo nyuma ya kituo cha mafuta, mahali ambapo pikapu za viazi kutoka Kuresoi huletwa na matope mpaka kwenye vioo. Nilikuwa nimepiga simu, mwenyewe akasema, "Kuja tu asubuhi." Nikafika saa moja. Hapakuwa na mtu. Mafundi walianza kuja saa mbili na nusu, na wawili waliponiona na ile suti na faili kwapani waligeuka wakarudi walikotoka. Walidhani mimi ni kanjo, askari wa kaunti, nimekuja kuuliza leseni.

Mwenye gereji wote humwita mzee. Alitokea chini ya pikapu, akajifuta kidogo kwa kitambaa, akanielekezea mkono. Lakini alikunja kiganja chini, akanipa kifundo cha mkono. Huko ndivyo wanavyosalimia: mkono ukiwa na grisi unampa mtu sehemu iliyo safi, naye anaishika. Ni heshima kabisa. Mimi sikuijua. Nilishika kile kifundo kwa vidole viwili, nikasema, "Good morning, sir," halafu nikatoa leso mfukoni na kujifuta. Mbele yake.

Kelele za nyundo zilinyamaza.

"Huyu anatafuta kazi ama anauza Biblia?" fundi mmoja akauliza.

"Wacha, labda amekuja kutuzika," mwingine akasema. Hakujua jinsi alivyokaribia ukweli wa ile suti.

Mzee akarudi chini ya pikapu. Aliniacha nimesimama, na kwa kuwa anko alisema nisikae mpaka niambiwe, nilisimama mpaka saa nne. Hakuna aliyeniambia keti. Hakuna kiti.

Saa nne chai ikaja. Mafundi sita wakaizunguka boneti ya gari bovu, iliyotandikwa gazeti, mandazi juu yake. Hakuna aliyenawa kwa maji. Walijifuta kwa petroli, wakanyakua. Niliona kidole gumba cheusi kikizama kwenye andazi na kuacha shimo jeusi.

"Karibu chai," mzee akaniambia, akinisukumia andazi lile lile.

Nikaficha mikono nyuma. "Asante, nimeshiba."

"Sawa. Basi intavyu imeisha. Enda nyumbani."

Nilidhani anatania. "Lakini hujaniuliza kitu."

"Nimekuuliza mara mbili. Nimekupa mkono, ukajifuta. Nimekupa chakula, umeshiba. Siku jeki itateleza, hawa ndio watakutoa chini ya gari. Sasa watakutoa kwa leso? Enda ofisi za kioo, kijana."

"Nilienda," nikasema. "Walinifukuza."

"Kwa nini?"

Sijui kwa nini sikudanganya, maana kudanganya ni kipaji changu. Nikasimulia yote: magoti, "sasa", kiti, mpaka mbuzi wa kwenye simu. Mafundi walicheka wakamwaga chai. Yule wa Biblia alinipiga mgongoni, na ile suti ikapata mkono mweusi wenye vidole vitano.

Nikavua koti. Nikamshika kila mmoja kifundo, kuanzia kwa mzee, "Habari yako, mzee," mpaka kwa wa mwisho. Kisha nikala lile andazi. Lilikuwa na ladha ya petroli na kitu kingine ambacho sikutaka kukijua. Lilipanda mara moja, nikalirudisha chini kwa chai ya moto. Mzee alinitazama koo mpaka likashuka.

"Lete barua," akasema. "Jumatatu saa mbili na nusu, si saa moja kama mwizi. Ovaroli na viatu vigumu. Hiyo suti irudishe kwa marehemu."

Aliipiga muhuri pale pale kwenye boneti, akaishikilia kwa gumba isiteleze, na alama nyeusi ya gumba ikabaki kwenye karatasi, pembeni ya nembo ya chuo.

Ijumaa saa tano niliipeleka ofisini nikiwa nimevaa shati safi. Nilibisha, nikangoja kuambiwa ingia. Mama wa ofisi aliiona ile alama nyeusi, akaishika barua kwenye ncha kwa kucha mbili, akakunja pua, akaiangusha kwenye trei. Halafu akatoa leso kwenye mkoba, akajifuta vidole.

Nilimtazama anavyojifuta. Nikasikia kichefuchefu kikali kuliko cha lile andazi.