Tarehe Ishirini ya Kukadiria

Dukani walimwita Soma-Tena, na jina hilo alilipata kwa haki. Duka lilikuwa la mashine za kushonea na kufumia, na yeye kazi yake ilikuwa oda za kulipia kabla: mtu anachagua mashine kwenye picha, analipa nusu, kisha anasubiri mzigo ambao bado uko majini. Hakuna mteja aliyetoka pale kaunta kabla ya kusomewa karatasi yake, akairudia mwenyewe kwa mdomo wake.

"Soma tena, mama. Hapo pameandikwaje?"

"Inafika tarehe ishirini."

"Hapana! Inakadiriwa kufika tarehe ishirini. Soma tena."

Wengine walicheka, wengine walisonya. Yeye hakujali. Miaka sita kwenye kile kiti ilimfundisha kwamba mtu akishatoa hela, neno "inakadiriwa" linamtoka kichwani kabla hajavuka mlango. Kisha aliwasomea mstari wa chini: hela unarudishiwa zote ukighairi siku saba kabla ya tarehe hiyo, siku saba zikishaingia, zinabaki dukani mpaka mzigo ufike. Na wa mwisho kabisa: tarehe ikibadilika, duka litakujulisha, nawe utachagua upya, kusubiri au kurudishiwa. Chini yake muhuri wa bosi, mkubwa kama kisahani.

Basi Jumatatu ya tarehe kumi, saa tatu asubuhi, ukaja ujumbe kutoka kwa wakala wa mizigo. Kontena limeachwa bandari ya njiani, meli haikuwa na nafasi. Makadirio mapya: tarehe ishirini na nne ya mwezi unaofuata. Soma-Tena aliusoma mara mbili, akainuka, akampelekea bosi simu ofisini.

Bosi alisoma, akairudisha. "Sawa. Usimwambie mtu."

"Usimwambie mtu vipi? Kuna watu tisa hapa."

"Alhamisi ndiyo mwisho wao wa kughairi. Alhamisi ikipita, wapige kelele wanavyotaka, mzigo utawakuta. Wewe Alhamisi watumie uthibitisho kama kawaida. Tarehe ishirini."

"Lakini karatasi inasema tarehe ikibadilika..."

"Karatasi nimeandika mimi!" Bosi alipiga meza. "Au umeshakuwa mwenye duka, sina habari?"

Soma-Tena aliporudi kaunta, bosi akamfuata, akasimama pale pale akijifanya anapanga maboksi ya sindano. Alikuwa anamchunga, hakuna jingine. Soma-Tena alikaa, damu inamchemka mpaka masikioni, na saa nzima ikapita hivyo kabla simu ya duka haijalia.

Alikuwa fundi wa masweta. Huyo mama alikuwa amelipia mashine ya kufumia miezi miwili nyuma, baada ya ile yake ya zamani kufa kabisa, na alikuwa ameshakubaliana na shule moja masweta mia mbili, yawe tayari shule zikifunguliwa tarehe kumi ya mwezi unaofuata. Nyumba nzima ilikuwa inaitegemea kazi hiyo.

"Dada yangu, nina swali moja tu," alisema fundi. "Kuna mtu anauza yake iliyotumika, nzuri, haina shida. Anataka jibu leo. Nimwambie aniwekee, nije nighairi kwenu? Au yangu bado iko palepale?"

Bosi aliacha kupanga sindano. Alimtolea macho.

Soma-Tena alimtazama na yeye. Ada ya mwanawe ilikuwa inatoka kwenye kile kiti, na kodi, na kila kitu.

"Inakadiriwa tarehe ishirini, mama," alisema.

"Haya, basi namwambia auze. Asante, dada yangu."

Akakata simu. Bosi akarudi ofisini akipiga mluzi.

Jumanne Soma-Tena alifanya kazi kama mtu aliyepigwa. Jumatano alimgombeza mwanawe kwa sababu ya kikombe, kikombe tu, mpaka mtoto akamuuliza, "Mama, nimefanya nini?" Hakuwa amefanya lolote. Hasira ilikuwa ya kumwangukia mtu mwingine, na ilikaa kooni kama mfupa wa samaki: haishuki, haitoki. Kila akikumbuka ule mluzi, alitamani kurudi dukani amrushie mtu stepla.

Alhamisi asubuhi bosi alipita kaunta na ufunguo wa gari mkononi. "Zile meseji za uthibitisho zitoke kabla ya mchana. Tarehe ishirini."

"Zitatoka," alisema Soma-Tena.

Na zikatoka. Alizitunga mwenyewe, tisa, moja moja, na jina la kila mashine: "Oda yako ipo na malipo yako yamepokelewa. Mzigo umechelewa njiani. Tarehe mpya ya kukadiria ni ishirini na nne mwezi ujao, si ahadi. Ukitaka kusubiri, jibu NASUBIRI. Ukitaka hela yako yote, jibu RUDISHA au njoo dukani na karatasi yako, leo kabla ya kufunga." Akabonyeza kutuma. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akapumua mpaka mwisho.

Kufikia saa nane watu sita walikuwa mlangoni. Bosi aliporudi, aliwapita akitabasamu, akafika kaunta, akausoma ujumbe kwenye simu ya duka. Tabasamu likamwishia usoni.

"Umefanya nini wewe? Umefanya nini!"

"Nimethibitisha oda."

"Umeniua! Unanila huku nakulisha!"

"Nilikula jasho langu," alisema Soma-Tena, na sauti yake ikapanda mpaka waliokuwa barabarani wakageuka. "Wewe ndiye uliyetaka kuwafungia watu hela zao kwa siku mbili tatu za ujanja! Muhuri ni wako, maneno ni yako, karatasi wanazo mkononi. Warudishie!"

"Kesho usije."

"Kesho? Hata leo natoka. Lakini warudishie kwanza, nikiwaona."

Wateja walikuwa wameshasogea, karatasi juu, na mmoja alikuwa ameshaanza kuurekodi ule mzozo. Bosi hakuwa na pa kupenya. Akafungua droo, na mmoja mmoja wakarudishiwa chao. Wengine walimshika Soma-Tena mkono. Dada mmoja alimkumbatia kabisa, akamwambia Mungu amzidishie. Soma-Tena alisimama kichwa juu, na kwa kweli alijiona amefanya jambo.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa fundi wa masweta. Alipokea hela yake, akaikunja, akaitia pochini bila haraka. Hakutoka. Alimgeukia Soma-Tena.

"Nimetoka kwa yule wa mashine iliyotumika," alisema. "Ameiuza Jumanne. Nimezunguka mji mzima, hakuna nyingine. Shule nimeipigia simu, wamempa mtu mwingine kazi."

"Pole, mama. Pole sana. Huyu bosi..."

"Bosi nimeshamjua. Nakuuliza wewe." Macho yake yalikuwa makavu, na hasira iliyokuwa mle haikuwa ya kupiga kelele. "Hiyo habari ya meli ilikuja lini?"

Soma-Tena alitafuta pa kuangalia. "Jumatatu."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

"Mimi nilikupigia saa nne."

"Saa nne na dakika tano," alisema Soma-Tena, kwa sababu alikuwa anaikumbuka.