Gunia Ambalo Halikurudi

Vuuu, kisha kama kwikwi, kisha vuuu tena. Ndivyo feni ya kikaushio ilivyolia asubuhi ile, na shangazi yangu Valarmathi, akichekecha chai chumba cha pili, akaisikia kabla ya mtu yeyote.

Kiwanda kile cha chai, milimani juu ya mji wa Hatton, Sri Lanka, kimefungwa sasa. Alikifanyia kazi miaka kumi na tisa, na shali yake ya kazini mpaka leo haijaacha kunukia chai. Kiwanda kingine kilipomwita kwenye usaili wa msimamizi wa zamu, alinitaka nimwandae, kwa kuwa mimi huajiri watu huko Colombo.

"Watakwambia, tueleze siku uliyoamua jambo gumu. Jibu lina vidole vinne, Shangazi: hali, jukumu, hatua, matokeo. Sisi tunaita njia hii STAR, kwa herufi za kwanza za Kiingereza."

Akaanza. Ukungu madirishani, mwenzake Letchumi na nyimbo zake, mikate ya roti iliyopashwa moto juu ya kikaushio. Robo saa ikapita.

"Bado tuko kwenye hali! Sentensi mbili zinatosha."

"Miaka kumi na tisa kwa sentensi mbili? Una roho ya karani wewe."

Tukapunguza, huku akihuzunika kwa kila roti iliyokatwa. Hali: feni inaishiwa nguvu, majani yaliyosagwa yanazidi kugeuka rangi sakafuni yakingoja kukaushwa. Jukumu: msimamizi hayupo, zamu ameachiwa yeye. Hatua: "Nilizuia majani yasiingie kwenye kikaushio kisicho na hewa ya kutosha. Nikaagiza yatandazwe kwa tabaka jembamba yapoe, yasigeuke upesi. Nikamwita fundi, akakuta mkanda wa feni unakaribia kukatika."

"Matokeo?"

Akatazama mikono yake. "Meneja alinigombeza kwa kusimamisha kazi. Nikarudi kwenye chekeche langu. Sikuuliza tena."

"Basi tuseme chai ilipata bei nzuri."

"Usinitie uongo mdomoni, binti."

Kumbe miaka kumi na moja aliamini ameiharibu chai ya siku nzima. Na bila kidole cha nne, hadithi yake bora haikuwa na mwisho wa kuwaambia. Jioni hiyo akampigia simu Perumal, aliyekuwa mkuu wa utengenezaji chai kiwandani mwao.

"Dada Valar! Bado uko hai?"

"Ningekufa, nani angekugombeza? Niambie, chai ya siku ile ya feni iliishia wapi?"

"Iliuzwa yote, na wanunuzi wakaridhika. Halikurudi gunia hata moja. Tena tangu siku ile mkanda ulikaguliwa kila Jumatatu. Hawakukwambia?"

Shangazi alikuwa anapangusa macho kwa pindo la sari.

Siku ya usaili nilingoja kibarazani, mlango ukiwa wazi. Nilimwona akikunja vidole mapajani: kimoja, cha pili, cha tatu. Hapo akasita.

"Na matokeo yake, mama?" mwenyekiti wa usaili akauliza.

Akakunja cha nne, akasema kwa sauti ndogo mno:

"Halikurudi gunia hata moja. Nimejua juzi tu."